Nitainuka kitini au la? Stopova, leyova na ndege ya moja kwa moja

Shangazi yangu wa Machame alipanda ndege kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 72, akienda Rotterdam kumwona mjukuu wake. Tiketi nilimkatia mimi, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nilimwambia, "Shangazi, hii ni ndege ya moja kwa moja. Unapanda Kilimanjaro, unashukia Uholanzi." Akapanda usiku, akafungwa mkanda, na kabla hajazoea mngurumo wa injini, ndege ikaanza kushuka. Ikatua. Watu wengi wakasimama, wakateremsha mabegi, wakapanga mstari. Naye akasimama, akajitanda khanga yake vizuri, akachukua kikapu chake, akafuata mstari hadi mlangoni. Mhudumu akaangalia kipande cha tiketi alichokishika, akamshika mkono taratibu na kumrudisha kitini. Pale palikuwa Dar es Salaam.

Alipofika salama alinipigia simu. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si uliniambia moja kwa moja?"

Nilikuwa nimemwambia kweli kwa lugha ya mashirika ya ndege, lakini kwa lugha yetu nilikuwa nimempotosha. Sisi tukisema moja kwa moja tunaelewa kwamba chombo hakisimami popote. Mashirika yakisema ndege ni dairekti, yanamaanisha jambo jingine: kwamba safari nzima ina namba moja ya ndege. Ikiwa njiani itatua mara moja au mara mbili, bado ni dairekti. Ile isiyotua kabisa ina jina lake, na kwenye skrini utaliona limeandikwa `Nonstop`. Kila ndege isiyotua ni dairekti, lakini si kila dairekti haitui. Tangu siku ile siwaelezi wateja kwa kutumia neno moja kwa moja. Nawaeleza watainuka kitini mara ngapi.

Basi la Arusha

Aliyewahi kupanda basi la Dar kwenda Arusha anazijua tayari hizi safari zote. Basi linasimama Korogwe, watu wanakula, wanachimba dawa, wengine wanashuka kabisa na mizigo yao na wapya wanapanda. Wewe kiti chako ni kilekile na begi lako liko buti lilelile. Hiyo ni dairekti inayotua njiani.

Sasa chukua mtu anayetoka Tanga kwenda Dodoma, ambaye basi lake linamshusha Chalinze akasubiri jingine. Anashuka, anakaa kwenye benchi, anaangalia saa, anaogopa basi la pili lisimwache. Hiyo ndiyo leyova, ambayo wengi wetu tunaiita transiti au kuunganisha ndege. Na kama huyo mtu akiamua kwamba kwa kuwa yuko Chalinze, alale kwa dada yake siku mbili ndipo aendelee, hiyo ni stopova.

Mpaka kati ya leyova na stopova si hisia, ni saa. Katika safari za kimataifa, ukikaa mji wa katikati kwa saa 24 au pungufu, mashirika yanahesabu kwamba ulikuwa unaunganisha tu. Ukizidisha saa 24, umefanya stopova. Kwa safari za ndani ya Marekani mpaka huo ni saa 4. Kwa hiyo anayelala usiku mzima Addis Ababa na kuondoka asubuhi hajafanya stopova, hata kama amelala hotelini na kuoga. Na tofauti hiyo inagusa nauli, kodi, viza na mizigo, kama nitakavyoonyesha mbele.

Kwa nini ndege ya moja kwa moja itue

Sababu ya kwanza ni abiria. KLM kwa miaka mingi imekuwa ikiruka pembetatu: inatoka Amsterdam asubuhi, inatua Kilimanjaro jioni, inashusha watalii wa mlima na wa Serengeti, inaendelea Dar es Salaam kushusha waliobaki, kisha usiku huohuo inarudi Amsterdam. Ratiba hubadilika kwa misimu, na kuna nyakati Zanzibar imeingia kwenye mzunguko huo. Lakini mantiki haibadiliki. Kujaza ndege kubwa kila siku kwa watu wa Kilimanjaro peke yao ni kazi ngumu. Ukiwachanganya na wa Dar, viti vinajaa. Mashirika ya Ghuba na ya Uturuki nayo yamewahi kupanga safari zao hivyohivyo, yakiunganisha miji yetu miwili kwa ndege moja.

Angalia matokeo ya pembetatu hiyo. Mtu anayetoka Amsterdam kwenda Kilimanjaro anaruka kama saa nane na nusu bila kutua popote, kwa sababu Kilimanjaro ndiko inakotua kwanza. Mtu huyohuyo akirudi kutoka Kilimanjaro, anatua Dar kwanza. Na wa Dar mambo yanageuka: akija anatua Kilimanjaro, akirudi haitui popote. Ndege ni moja, na skrini inaweza kuwaandikia wote dairekti, lakini uzoefu ni tofauti kwa kila mmoja na kwa kila upande. Hili ndilo lililompata shangazi. Binti yake alikuwa amekuja likizo mwaka uliotangulia bila kutua mahali, akamwambia mama yake kwamba ndege haisimami. Hakudanganya. Yeye haikusimama.

Watu huniuliza pia: ikiwa ndege hiyo inatoka Kilimanjaro kwenda Dar kila mara na viti vitupu vya wale walioshuka, kwa nini nisiwauzie kiti cha kwenda Dar tu? Siwezi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kimataifa, uliipa kila nchi haki ya kukataa mashirika ya kigeni yasibebe abiria wa kulipia kati ya miji yake ya ndani. Kubeba watu wa Kilimanjaro kwenda Dar ni biashara ya mashirika ya hapa. Ndiyo maana utaona ndege kubwa inaondoka Kilimanjaro na safu nzima za viti vitupu, na bado haimchukui mtu wa kushukia Dar.

Sababu ya pili ni mafuta, na hapa mfano mzuri uko Addis Ababa. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Mabawa hupata hewa kidogo ya kuyabeba, na injini nazo hupata hewa kidogo ya kuchoma mafuta, kwa hiyo ndege inahitaji mwendo mkubwa zaidi na barabara ndefu zaidi kuinuka. Barabara ina mwisho wake. Kinachobaki ni kupunguza uzito. Sasa, mzigo mkubwa kuliko wote kwenye ndege ya safari ndefu si abiria wala mabegi, ni mafuta. Tangi za Boeing 787-8 zikijaa zina mafuta ya tani 100 hivi, na uzito wote unaoruhusiwa kuruka nao ni kama tani 228.

Kutoka Addis kwenda Washington ni kilomita 11,500 hivi, tena kuelekea magharibi, ambako pepo kali za juu zinavuma usoni mwa ndege. Ukitaka kufika bila kutua unahitaji mafuta mengi. Ukijaza mafuta mengi kwenye uwanja ulio juu hivyo, itabidi uache watu na mizigo. Ethiopian kwa vipindi virefu ilichagua njia ya kati: kuondoka na mafuta ya kutosha kufika Dublin, Ayalandi, uwanja ulio karibu na usawa wa bahari, kujaza pale, kisha kuvuka Atlantiki. Kurudi hakukuhitaji hivyo. Kutoka Washington ndege inaondoka uwanja wa chini na upepo ukiisukuma mgongoni, inafika Addis bila kutua. Tiketi moja, shirika moja, kwenda inatua na kurudi haitui, na pande zote mbili ni dairekti.

Mwinuko peke yake hauamui, lakini. Nairobi nayo iko juu, mita 1,600 na ushee, na tangu tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways inaruka kutoka huko hadi New York bila kutua, kama saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Aina ya ndege, urefu wa barabara, na idadi ya watu na mizigo ambayo shirika liko tayari kuiacha, vyote vinaingia kwenye hesabu hiyo.

Ndani ya ndege, kutua kwa mafuta na kutua kwa abiria havifanani. Ikiwa ni mafuta tu, milango ya abiria haikuhusu, unaambiwa ukae na ufungue mkanda wakati mafuta yanaingia, ili kukitokea hatari utoke haraka. Ikiwa ni kituo cha abiria, wanaoshuka wanashuka, wasafishaji wanapita, kisha mhudumu anaanza kupita safu kwa safu akiuliza kila begi lililo juu ni la nani. Anagusa begi, anasubiri mtu ainue mkono, anaendelea. Begi lisilo na mwenyewe linaleta swali kubwa. Kwa hiyo usilale fofofo wakati huo na begi lako limekaa safu tatu mbele. Shangazi alinisimulia kwamba hili ndilo lililomtuliza: alipoona wanaulizana mabegi, akajua kumbe kuna wengine nao wanaendelea.

Viwanja vingine vinataka watu wote washuke na mizigo ya mkononi, wakaguliwe upya, wapande tena. Hata hapo bado ni dairekti. Na lipo jambo adimu lakini lipo: namba ya ndege inabaki ileile ila ndege yenyewe inabadilishwa kituoni, unashuka kwenye kubwa unapanda ndogo. Hapo neno dairekti limebaki jina tu, maana umeunganisha ndege kama mtu mwingine yeyote.

Leyova, na saa zinazobadilisha mambo

Hofu ya watu kwenye leyova ni kuachwa. Jibu langu huwa swali: tiketi ni moja au ni mbili? Ikiwa safari nzima iko kwenye tiketi moja, na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika lina wajibu wa kukuweka kwenye ndege nyingine mpaka ufike. Ukikata tiketi mbili mbalimbali kwa sababu jumla yake ni nafuu, kuchelewa kwa ya kwanza ni shida yako. Wa pili watakuhesabu kwamba hukutokea, na mara nyingi nauli yote inapotea, hata ya kurudi. Begi nalo kwa kawaida halitapita. Utalipokea, utatoka nje, utaanza upya kaunta. Na kutoka nje kunahitaji uwe na ruhusa ya kuingia nchi ile.

Kwenye tiketi moja begi linapewa lebo hadi mwisho. Isome lebo hiyo pale kaunta kabla begi halijaondoka. Herufi tatu kubwa zilizoandikwa juu yake ndizo mji ambako begi litashushwa. Kama unakwenda Amsterdam kupitia Addis, zinatakiwa ziwe `AMS`, si `ADD`.

Kwa watu wetu, hata hivyo, kinachoumiza zaidi kwenye leyova si kuachwa. Ni karatasi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anayepitia London anahitaji viza ya kupita hata kama hatoki nje ya uwanja, isipokuwa awe na kitu kinachomsamehe, kwa mfano viza halali ya Marekani kwa masharti yake. Ndugu zetu wa Kongo wanahitaji viza ya namna hiyo hata kwenye viwanja vya nchi za Shengeni, ambako Mtanzania au Mkenya kwa sheria ya pamoja ya nchi hizo anapita bila viza akibaki ndani ya eneo la kuunganishia. Marekani haina kabisa eneo la kupitia: anayekwenda Toronto kupitia New York anaingia Marekani kama mgeni mwingine, kwa viza, anachukua begi lake, analikabidhi tena. Nimeona tiketi za bei nzuri zikipotea kwa sababu ya saa mbili za London ambazo mteja alidhani ni za kukaa tu kwenye kiti.

Hapa ndipo dairekti inayotua inapoishinda leyova waziwazi. Ukibaki kitini, mzigo haushuki na wewe hukanyagi ardhi ya nchi ile. Kutua kunaongeza saa moja au mbili, kunachosha, lakini hakuna ndege ya pili ya kukuacha. Kwa mzee, kwa mama mwenye mtoto mchanga, kwa asiyejua Kiingereza, mimi namchagulia ndege inayotua mara mbili akiwa amekaa kuliko inayomshusha mara moja kwenye uwanja mkubwa wenye treni za ndani, hata kama hii ya pili inafika mapema.

Jambo jingine la saa ni homa ya manjano. Tanzania hudai cheti cha chanjo kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na pia kwa aliyepitia uwanja wa nchi ya namna hiyo kwa zaidi ya saa 12. Ethiopia na Kenya zimo. Kwa hiyo mtu anayetoka Ulaya na kusubiri Addis saa tatu hana hoja ya kujibu, lakini akisubiri saa 14 anaweza kudaiwa cheti Kilimanjaro. Tiketi mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu, zikapishana kwa saa hizo tu, na ile ndefu ndiyo mara nyingi inakuwa ya bei ya chini.

Stopova ni uamuzi wako

Leyova unapewa na ratiba. Stopova unaiomba mwenyewe, na ni sheria ya nauli inayosema kama utapewa. Kwenye masharti ya nauli utakuta maneno kama `STOPOVERS NOT PERMITTED`, au kwamba inaruhusiwa moja bure, au moja kwa malipo. Nauli za chini kabisa mara nyingi zinakataa. Ukimlazimisha wakala aweke siku tatu za Istanbul kwenye nauli inayokataa, kompyuta itakata safari vipande viwili na jumla itapanda.

Kwenye risiti ya tiketi, sehemu ya hesabu ya nauli, unaweza kuona mwenyewe umehesabiwa vipi. Mstari huu ni wa mtu wa Kilimanjaro anayekwenda New York na kuunganisha tu Amsterdam:

```
JRO KL X/AMS KL NYC
```

`JRO` ni Kilimanjaro na `KL` ni KLM. Ile `X/` mbele ya `AMS` inasema hapa anapita, hakai. Ikiondoka, maana yake anafanya stopova Amsterdam. Na ona kitu kimoja: Dar es Salaam haimo popote kwenye mstari huo, ingawa ndege inatua pale. Kwa hesabu ya nauli, mahali ambapo hukushuka hapapo.

Stopova inaleta gharama ambazo leyova inazikwepa. Uingereza, kwa mfano, inatoza kodi kubwa kwa abiria anayeondoka viwanja vyake, lakini aliyekuwa anaunganisha ndani ya saa 24 haitozwi. Ukikaa siku mbili London unadaiwa kodi hiyo kwa safari ndefu iliyobaki. Viza ya kupita haitoshi, unahitaji ya kuingia. Begi linashukia hapo, kwa hiyo utaliburuta hadi hotelini na kurudi nalo. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaopitia Dubai wakitoka Guangzhou hilo ndilo wanalolitaka, maana mzigo wenyewe ndio safari. Kwa familia yenye masanduku sita, ni jambo la kufikiria mara mbili.

Hata hivyo siibezi stopova. Uturuki hutoa matembezi ya bure ya mji wa Istanbul kwa abiria wa shirika lake wenye kusubiri kati ya saa 6 na 24, na ina mpango wa malazi kwa wanaokaa zaidi. Doha nayo ina vifurushi vya hoteli kwa wapitao. Kwa mtu mwenye pasipoti inayoingia bila viza, siku mbili za kupumzika katikati ya safari ya saa 20 ni nafuu kubwa kwa mwili. Ila pasipoti ndiyo inayoamua kama nafuu hiyo ni yako.

Desemba ya binamu yangu

Mwaka uliofuata binamu yangu, yule binti wa shangazi, alitaka kuja Machame kwa Krismasi na watoto wawili, wote pasipoti za Uholanzi, kisha arudi pamoja na shangazi. Nilimwekea mezani mambo matatu.

La kwanza lilikuwa dairekti ya Amsterdam hadi Kilimanjaro. Kuja bila kutua, kurudi kwa kutua Dar. Ilikuwa ghali kuliko zote.

La pili lilikuwa Addis, kwa nafuu ya kuridhisha kwa kila kichwa, lakini ndani yake kulikuwa na ratiba mbili. Moja ilikuwa na kusubiri kwa saa mbili na dakika arobaini. Nyingine ilikuwa ya bei ya chini zaidi, kusubiri saa 14 usiku kucha. Binamu alivutiwa na hii ya mwisho kwa sababu alisikia kuna chumba cha bure. Nikamwambia mashirika yanayotoa chumba huwa na sharti kwamba kusiwe na ndege ya mapema ambayo ungeweza kuunganisha, na hapa ipo. Tena saa 14 zimevuka zile 12, na watoto hawakuwa na cheti cha homa ya manjano. Chanjo na muda wa kwenda kliniki vingekula nafuu yote. Ratiba hiyo tukaifuta.

La tatu lilikuwa Istanbul, siku mbili za stopova wakati wa kurudi. Watoto walishangilia. Lakini shangazi anasafiri na pasipoti ya Tanzania, na yeye angehitaji viza ya Uturuki juu ya ile ya Shengeni. Pia Januari Istanbul ni baridi, na makoti yao mazito wangekuwa wameyabeba Machame wiki tatu kwa ajili ya siku mbili. Tukaifuta nayo.

Ikabaki dairekti ghali dhidi ya Addis ya saa mbili na dakika arobaini. Binamu na watoto wangeweza Addis bila taabu. Uzito ulikuwa kwa shangazi wakati wa kurudi: ashuke usiku, apite ukaguzi, atafute mlango, apande tena. Angekuwa na binti yake, ni kweli, lakini binti angekuwa na watoto wawili waliolala. Nikashauri walipe tofauti. Sikushauri hivyo kwa sababu dairekti haitui. Nilishauri kwa sababu inapotua, shangazi hainuki.

Jinsi ya kuijua kabla ya kulipa

Usiridhike na neno `Direct` kwenye tovuti. Tovuti nyingine zinalitumia kwa maana ya isiyotua, nyingine kwa maana ya namba moja. Bonyeza maelezo ya safari utafute sehemu ya vituo: `0` au `Nonstop` ni kwamba haitui, `1 stop` ni kwamba inatua au unabadilisha. Kisha angalia namba. Ikiwa kabla na baada ya kituo namba ni ileile, kwa kawaida utabaki kwenye ndege hiyo. Ikiwa ni mbili, utashuka. Angalia na aina ya ndege iliyoandikwa pande zote mbili za kituo, maana ikibadilika umekutana na ile dairekti ya jina tu.

Ikiwa tovuti haionyeshi vituo, linganisha muda wa kwenda na wa kurudi. Upepo unaleta tofauti kati ya pande mbili, lakini katika safari kati ya Ulaya na kwetu, ambayo inafuata zaidi kaskazini na kusini, tofauti hiyo si kubwa. Ukiona Amsterdam kwenda Dar ni zaidi ya saa 11 na Dar kwenda Amsterdam ni saa 10 hivi, kuna uwanja umejificha mle ndani. Ukitaka hakika, piga simu uulize kwa maneno haya: ndege inatua wapi, nitashuka au nitabaki, na begi litashushwa mji gani.

Shangazi alirudi Rotterdam Januari kwa ndege ileile. Safari hii nilimwandikia kikaratasi kwa kalamu nzito, akakibandika ndani ya pasipoti: "Ndege itatua Dar kwanza. Usisimame. Wakiuliza begi la nani, inua mkono." Ndege ilipotua, mama mmoja wa makamo safu ya mbele alianza kuteremsha mkoba wake. Shangazi alimvuta ncha ya kitenge akamuuliza anakwenda wapi. Akajibu Amsterdam. "Basi kaa, mwanangu," akamwambia. "Hapa ni Dar."